Mashine ya barafu waliyogawana bila kujua

Hotuba kwa wenyeviti na watunza hazina wa vikundi vya wavuvi na wachakataji wa samaki, Ilemela, Mwanza. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu wa visiwani na wengine ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wenyeviti, ndugu watunza hazina, mama zangu wa dagaa, wazee wa mialo, na nyinyi vijana mnaoshika injini na nyavu: mwangaluka! Wakubwa wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine na namna ya kuziandika kwenye vitabu vya kikundi. Najua wengi wenu mkisikia neno uchakavu kwenye hesabu mnafikiri ni jambo la viwanda vya minofu, vyenye wahasibu na kompyuta. Nitawaeleza kwa nini ni jambo lenu pia, na nitaanza na kikundi kimoja ambacho sitakitaja jina wala mwalo wake, kwa sababu wanachama wake bado wanaumia.

Kikundi hicho kilikuwa na watu 30. Walichanga fedha, wakanunua mashine ya barafu. Mnajua wenyewe shida ya barafu kwa mtu anayevua sangara: samaki akikaa juani bila barafu, mnunuzi wa kiwanda anamgeuza mara moja, anamrudisha. Basi mashine ikawa mkombozi. Ikafanya kazi, ikauza barafu, mwaka ukaisha. Mweka hazina akasimama kwenye mkutano mkuu akasoma: mauzo ya barafu haya hapa, umeme tumelipa kiasi hiki, maji kiasi hiki, mishahara ya vijana wawili, matengenezo madogo madogo. Kilichobaki ni shilingi milioni 9. Wanachama 30, kila mmoja 300,000. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Miaka nane, ndugu zangu, milioni 9 kila mwaka, makofi kila mwaka.

Halafu mashine ikafika mwisho wake. Fundi akaifungua, akatazama, akasema hapa sioni cha kutengeneza, nunueni nyingine. Wakaenda benki. Kwenye akaunti kulikuwa na laki chache tu. Mkutano ukaitishwa usiku usiku, na swali likawa moja: fedha za mashine ziko wapi? Mweka hazina akasimamishwa. Vitabu vikabebwa kwenda kukaguliwa. Mkaguzi akapitia stakabadhi moja baada ya nyingine, na kila shilingi ikaonekana. Hakuna aliyeiba.

Sasa niulize mimi: kama hakuna aliyeiba, fedha zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mifuko ya watu 30 waliokuwa wakipiga makofi. Zile milioni 9 hazikuwa faida zote. Sehemu yake ilikuwa ni mashine yenyewe, inarudi kidogo kidogo kwa umbo la fedha, na wao wakaigawana. Waligawana mashine kwa miaka nane mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyejua, kwa sababu kwenye ile karatasi ya mapato na matumizi kulikosekana mstari mmoja.

Mstari huo ndio uliotuleta hapa leo.

Tuuandike basi. Nitatumia mashine hiyo hiyo, na namba nimeziweka mviringo ili mzifuate bila kalamu. Mnahitaji kujua vitu vitatu tu kuhusu mashine: imewagharimu kiasi gani hadi ikawa tayari kufanya kazi, mtaitumia miaka mingapi, na siku mtakayoachana nayo mtapata kiasi gani kwa kuiuza. Ukishavijua hivyo vitatu, hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Kazi kubwa iko kwenye kuvijua.

Tuanze na gharama. Muulize mweka hazina yeyote, mashine yenu mlinunua kiasi gani? Atakutajia bei iliyo kwenye ankara: milioni 36. Hapo tayari kuna kosa. Mashine iliyokaa kwenye ghala la muuzaji Dar es Salaam haiwasaidii nyinyi wa huku. Imepakiwa kwenye lori hadi Mwanza, milioni 1 na laki 8. Imejengewa msingi wa zege na kuvutiwa umeme wa njia tatu, milioni 3 na laki 6. Fundi ameiwasha, akaifanyia majaribio, akarekebisha hadi barafu ikatoka inavyotakiwa, laki 6. Jumlisha. Ni milioni 42. Hiyo ndiyo gharama ya mashine. Kila kilichokuwa lazima kuifikisha mahali pake na katika hali ya kufanya kazi kinaingia.

Na VAT je? Kama kikundi chenu hakijasajiliwa kwa VAT, kodi mliyolipa kwenye ankara hairudi, basi ni sehemu ya gharama. Katika mfano wangu imo ndani ya zile milioni 36.

Lakini si kila kilicholipwa siku zile kinaingia. Mlimpeleka kijana kujifunza kuiendesha, mkalipa laki 7 za mafunzo. Hiyo haiingii kwenye mashine. Ni matumizi ya mwaka ule, kwa sababu kijana anaweza kuhama kesho na ujuzi wake kichwani, wala hamna namna ya kumzuia. Mlichinja mbuzi siku ya uzinduzi. Mbuzi naye ni matumizi ya mwaka ule. Na kiwanja ambacho banda limesimama juu yake msikichanganye kabisa na mashine: ardhi haikatwi uchakavu. Banda lenyewe linakatwa, lakini kwa miaka yake, maana banda la matofali litaishi kuliko mashine mbili au tatu.

Sasa miaka. Hapa watu hubishana sana, na mabishano hayo ni mazuri. Swali si kwamba mashine itavuta pumzi hadi lini. Swali ni kwamba sisi, kwa matumizi yetu haya, tutaitumia miaka mingapi kabla haijawa mzigo. Mashine moja, ikifungwa mahali pawili, inaweza kuwa na miaka tofauti. Inafanya kazi saa ngapi kwa siku? Umeme wa pale unayumba? Maji mnayoipa yanachujwa, au yanatoka ziwani moja kwa moja na tope lake? Kuna fundi wa kuihudumia kwa ratiba, au anaitwa siku imegoma?

Na kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Tazameni kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine, kinachotaja aina ya gesi ya ubaridi. Kikisema R-22, hiyo ni miongoni mwa gesi zinazoondolewa duniani kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi kama yetu, Mkataba wa Montreal umeweka mwaka 2030 kuwa ukomo wa kuziingiza kwa matumizi ya kawaida, ikibaki kiasi kidogo sana kwa kuhudumia mashine za zamani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwauzia mashine iliyotumika, kompresa yake nzima, chuma chake kizima, na bado miaka yake ya matumizi ikawa michache, kwa sababu gesi itakuwa adimu na ghali kabla chuma hakijachoka. Mashine hufa kwa kuchakaa, na hufa pia kwa kupitwa na wakati. Mkikadiria miaka, kadirieni vyote viwili, na mchukue kile kitakachotangulia.

Katika mfano wetu, kikundi kimekaa na fundi wakakubaliana miaka minane.

La tatu ni bei ya kuachana nayo. Wataalamu wanaiita thamani ya masalia. Baada ya miaka minane mtaiuza kwa nani, kwa kiasi gani? Msikisie mkiwa mmekaa ofisini. Nendeni kwa mafundi wa friji mjini, nendeni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ulizeni mashine ya namna hii iliyotumika miaka minane inakwenda kiasi gani leo. Wakiwaambia milioni 6, andikeni milioni 6, na andikeni pia ni nani aliyewaambia na tarehe gani, maana mwakani mtu atauliza. Kama ni mashine ambayo mwisho wake haina mnunuzi, andikeni sifuri bila woga.

Haya, tumepata. Gharama milioni 42. Masalia milioni 6. Miaka minane.

Katika milioni 42, milioni 6 mtazipata tena siku ya kuuza. Kwa hiyo kitakacholiwa na kazi ni milioni 36. Hizo milioni 36 zitaliwa kwa miaka minane, na njia tunayoizungumzia leo, njia ya mstari mnyoofu, inasema zigawanywe sawa kwa sawa. Milioni 36 gawanya kwa 8. Ni milioni 4 na laki 5 kila mwaka. Kwa mwezi ni 375,000.

(Uchakavu wa mwaka = (Gharama − Masalia) ÷ Miaka. Nimeiandika hapa kwa ajili ya mnaosoma. Ukumbini niliitamka tu.)

Mweka hazina anaandika hivi kila mwisho wa mwaka: debiti, gharama ya uchakavu, 4,500,000. Krediti, limbikizo la uchakavu, 4,500,000. Ile ya kwanza inakwenda kwenye karatasi ya mapato na matumizi na kupunguza faida. Ile ya pili inakaa kwenye mizania, chini ya mashine, na inakua kila mwaka. Msiifute gharama ya awali. Milioni 42 ibaki imeandikwa pale hadi siku mashine itakapoondoka, na limbikizo liandikwe chini yake, ili msomaji aone vyote viwili: ilianza na kiasi gani, na imeshakula kiasi gani. Tofauti yake ndiyo thamani ya kitabuni.

Tuihesabu pamoja. Mwisho wa mwaka wa kwanza, milioni 42 toa milioni 4.5, inabaki 37.5. Mwaka wa pili, 33. Mwaka wa tatu, 28.5. Mwaka wa nne, nusu ya safari, 24. Mwaka wa tano, 19.5. Wa sita, 15. Wa saba, 10.5. Na mwaka wa nane inabaki milioni 6 kamili.

Milioni 6! Mmeona ilipotua? Imetua kwenye ile bei ya masalia tuliyoiweka mwanzo. Hiyo ni njia yenu ya kujikagua. Kama mwisho wa miaka thamani ya kitabuni haikutua kwenye masalia, kuna mwaka mmeuruka au mmeukata mara mbili. Na ikifika hapo, mnasimama. Nimeona daftari ambalo mashine ilikuwa na thamani ya kutoa, chini ya sifuri, kwa sababu kila Desemba mwandishi aliendelea kukata kwa mazoea. Hakuna mashine inayowadai nyinyi fedha kwa sababu tu imezeeka.

Sasa turudi kwenye ule mkutano wa makofi. Milioni 9, toa uchakavu milioni 4.5. Faida ni milioni 4.5. Kila mwanachama 150,000, si 300,000. Je, mwanachama angefurahi? Mwaka ule asingefurahi. Lakini nusu ile nyingine, milioni 4.5 kwa miaka minane ni milioni 36, ingekuwa imebaki ndani ya kikundi. Hizo ndizo zilizokuwa zikitafutwa usiku ule, na mweka hazina wa watu akisimamishwa kwa ajili yake.

Hapa mama mmoja kutoka Kayenze aliinua mkono, na swali lake ni zuri hata nimeona niliweke hapa. Alisema: sisi mashine yetu ni ya kukaushia dagaa, na siku za mbalamwezi hatuvui, taa haziwavuti dagaa, kwa hiyo mashine inasimama. Je, siku hizo tusizihesabu?

Mama yangu, zihesabuni. Mlipokaa na kukadiria kwamba mashine itawafaa miaka kumi, mlikuwa mnajua kwamba kila mwezi una mbalamwezi yake. Siku za kusimama zilikuwa ndani ya makadirio tangu mwanzo. Mstari mnyoofu unahesabu muda, na muda unakwenda hata mashine ikiwa imefunikwa turubai. Kutu inakwenda, mpira unakauka, na gesi nayo inaweza kuvuja. Kama kweli mashine yenu inachakaa kwa kazi tu, mfano injini ya boti ambayo mnajua itatembea saa kadhaa ndipo ifanyiwe ukarabati mkubwa, basi ipo njia nyingine ya kukata kwa saa au kwa kilo zilizozalishwa. Hiyo itawalazimu kuweka kumbukumbu ya saa kila siku bila kukosa. Mtaweza? Wanaoweza ni wachache. Ndiyo maana mimi kwa vikundi vya mwaloni napendekeza mstari mnyoofu, hasa kwa mashine inayotoa kazi ileile mwaka hadi mwaka.

Kuhusu mwanzo wa kuhesabu, kuna kosa la upande wa pili. Kikundi kimoja mashine yao ilifika Oktoba, ikakaa kwenye makasha ikisubiri umeme, ikawa tayari Januari. Mwandishi akakata uchakavu tangu Oktoba. Hapana. Hesabu inaanza siku mashine ipo mahali pake na iko tayari kufanya kazi, hata kama siku hiyo hakuna mteja. Kabla ya hapo bado mnaikusanya gharama. Na kama ingekuwa tayari tarehe 1 Oktoba, na mwaka wenu unaisha Desemba, mwaka wa kwanza mngekata miezi mitatu tu, 375,000 mara tatu, yaani 1,125,000. Ile miezi tisa iliyobaki ingejilipa mwishoni, katika mwaka wa tisa wa kalenda.

Ndugu zangu, hadi hapa kila kitu kimekwenda kama tulivyopanga. Lakini je, mashine imesoma mpango wetu?

Nawapa kikundi kingine, mwalo mwingine, mashine ya aina ileile na kwa ajili ya hesabu tuseme gharama ileile. Hawa walikata kwa uaminifu miaka minne. Thamani ya kitabuni, mnakumbuka, milioni 24. Mwanzo wa mwaka wa tano fundi akawaambia: kompresa inachoka mapema, umeme wa hapa umeipiga, hii haina miaka minne mbele, ina mitatu. Na kwa hali hii mnunuzi hatatoa milioni 6, labda milioni 3.

Mwenyekiti akasema turudi nyuma tusahihishe miaka yote minne. Mweka hazina akasema tuache ilivyo, tutaona mwisho. Nani alikuwa sahihi?

Wote wawili hapana. Miaka minne iliyopita ilikatwa kwa makadirio ya kweli ya wakati ule, na hesabu zile zimeshapitishwa na mkutano mkuu. Hazifunguliwi. Na kuacha ilivyo ni kujidanganya mkiwa mnajua. Kanuni za kimataifa za uhasibu, ile ya namba 16 inayohusu mali kama mashine, zinataka miaka na masalia vitazamwe upya angalau kila mwisho wa mwaka, na makadirio yakibadilika, mabadiliko yaende mbele, yasirudi nyuma.

Kwa hiyo chukueni kilichobaki: milioni 24. Toa masalia mapya, milioni 3. Inabaki milioni 21. Gawanya kwa miaka mitatu. Ni milioni 7 kwa mwaka. Mwaka wa tano thamani inashuka kutoka 24 hadi 17. Mwaka wa sita, 10. Mwaka wa saba, 3. Imetua tena kwenye masalia, safari hii mapya.

Angalieni kilichotokea kwa faida. Ilikuwa inakatwa milioni 4.5, sasa inakatwa milioni 7. Wanachama watauliza, na wana haki ya kuuliza. Mweka hazina awaeleze wazi: umeme umeila mashine yetu mapema, hii ndiyo bei yake. Kikundi hicho baada ya kuona namba hiyo kilinunua kifaa cha kulinda umeme siku hiyohiyo. Miaka yote fundi alikuwa akiwaambia wanunue, wakamwona ana njaa ya fedha. Walipoiona tofauti ya milioni 2 na nusu kwa mwaka kwenye karatasi, walielewa.

Mnauliza, na matengenezo je? Kujaza gesi, kubadili mkanda, kufunga vali mpya, kupaka rangi: hayo ni matumizi ya mwaka huo, yanaiweka mashine ilipo. Lakini mkifunga kompresa mpya nzima, kitu kikubwa cha kutumika miaka, hiyo inaongezwa kwenye gharama ya mashine na kukatwa kwa miaka yake, na ile ya zamani inaondolewa kitabuni. Wengine, tangu siku ya kununua, huandika kompresa mstari wake na mwili wa mashine mstari wake, kwa kuwa wanajua haviwezi kufa siku moja. Kwa wenye boti ni hivyohivyo: chombo cha mbao kiandikwe peke yake, injini peke yake. Nani hapa aliyewahi kuona injini na boti vikizeeka pamoja?

Sasa nije kwenye jambo ninaloomba mlisikilize kuliko yote, maana hata vikundi vinavyokata uchakavu vizuri huanguka hapa.

Kukata uchakavu hakuweki hata shilingi moja benki.

Narudia. Kukata uchakavu hakuweki hata shilingi moja benki. Ni maandishi. Debiti na krediti, karatasi kwa karatasi, hakuna noti iliyotembea. Kinachofanya ni kuwazuia msigawane milioni 4.5 kama faida. Fedha hiyo inabaki mikononi mwa kikundi, lakini imebaki wapi? Imebaki kwenye akaunti ileile ya kila siku. Na akaunti ya kila siku mnaijua. Mwaka huu imeazimwa kununua nyavu, mwaka ujao imekopeshwa mwanachama mwenye msiba, mwaka wa tatu imelipia deni la mafuta. Inawezekana kabisa kikundi kikawa na limbikizo la milioni 36 lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, na benki mkawa hamna kitu.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili, msifanye moja. Andikeni uchakavu, halafu hamisheni fedha yenyewe. 375,000 kila mwezi, au 4,500,000 kila mwaka, kwenye akaunti nyingine ambayo watia saini wake wanajua ni ya mashine tu.

Baada ya miaka minane mna milioni 36 kwenye akaunti. Uzeni mashine kwa milioni 6. Mna milioni 42. Mmefika?

Hamjafika, na hapa lazima niwe mkweli juu ya mipaka ya hesabu hii. Mstari mnyoofu unawarudishia bei mliyolipa, si bei ya leo. Tuseme mashine kama ile, baada ya miaka minane, imekuwa milioni 58 hadi kufungwa. Mmepungukiwa milioni 16. Msijaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza uchakavu, kwa sababu mtakuwa mnaandika kwamba mashine imekula zaidi ya ilivyogharimu, na hilo si kweli. Pengo linazibwa na faida yenyewe: mkutano mkuu uamue kwamba katika ile faida ya milioni 4.5, milioni 2 kila mwaka ziende mfuko wa akiba ya mashine kabla ya kugawana. Milioni 2 kwa miaka minane ni milioni 16. Kinachobaki, milioni 2.5, ndicho cha kugawana bila kuigusa mashine.

Mnaona umbali tuliosafiri? Kutoka milioni 9 za makofi hadi milioni 2.5. Ni chungu, najua. Lakini hizo milioni 2.5 zinaweza kugawanwa mwaka wa tisa pia, na wa kumi, na wa kumi na moja.

Ndugu mmoja aliuliza juu ya mkopo, kwamba wao wanatoa marejesho ya benki kwenye matumizi, halafu wakitoa na uchakavu faida inakwisha kabisa. Ndugu yangu, hapo mnalipia mashine ileile mara mbili kwenye karatasi moja. Riba ya mkopo ni gharama, iandikwe. Lakini kurudisha mkopo wenyewe si gharama, ni kupunguza deni. Gharama ya mashine inaingia kwenye faida kwa mlango mmoja tu, mlango wa uchakavu. Ila fedha ya marejesho inatoka kweli, kwa hiyo iwekeni kwenye mpango wa fedha wa kila mwezi, mjue kama mtaimudu.

Na kuhusu TRA, kwa vikundi vinavyotoa hesabu za kodi: sheria ya kodi ya mapato ina madaraja yake ya mali na viwango vyake, na mashine nyingi hukatwa kwa asilimia ya thamani iliyobaki, si sawa kwa sawa. Kwa hiyo uchakavu wa vitabu vyenu na ule wa kodi vitatofautiana. Hilo si kosa. Mhasibu wenu wa kodi atarudisha wenu na kuweka wa kwao. Msibadilishe vitabu vya kikundi ili vifanane na vya kodi, maana vile vya kikundi ndivyo vinavyowaambia mgawane nini.

La mwisho, kuuza. Wengi huja na swali hili wakiwa wamekasirika: vitabu vinasema mashine yetu ni milioni 10, mnunuzi anatoa 8, anatudhulumu! Ndugu zangu, thamani ya kitabuni si bei ya sokoni na haikuwahi kuwa. Ni sehemu ya gharama ambayo bado hamjaikata, basi. Mnunuzi hajui daftari lenu na hana sababu ya kulijua. Anatazama kompresa, anatazama kibati cha gesi, anataja bei.

Mkikubali, andikeni hivi. Tuseme ni kile kikundi cha pili, mwisho wa mwaka wa sita, thamani ya kitabuni milioni 10. Gharama ya awali milioni 42 inaondoka kitabuni. Limbikizo la uchakavu milioni 32 linaondoka nalo. Ni zile milioni 4.5 mara nne, na milioni 7 mara mbili. Fedha milioni 8 inaingia benki. Kinachobaki kusawazisha ni milioni 2, na hiyo ni hasara ya kuuza mali, iandikwe mwaka huo, mstari wake peke yake, isichanganywe na biashara ya barafu. Kama mnunuzi angetoa milioni 11, ingekuwa faida ya milioni 1, nayo ingeandikwa mstari wake peke yake. Namba hiyo, iwe hasara au faida, ipelekeni kwa watu watakaokadiria mashine inayofuata. Hasara ya milioni 2 inawaambia kwamba makadirio yenu bado yalikuwa laini kidogo, kwamba mashine ilikuwa ikichoka kwa kasi kuliko mlivyoandika.

Waliokuja na daftari zao za mali, meza ile ya pembeni iko wazi hadi jioni. Anzeni na mashine moja tu: leteni ankara, risiti ya usafiri, risiti ya fundi, na tarehe ilipokuwa tayari kufanya kazi. Asanteni sana.